Uzi: p ni 0.063, msimamizi anataka niandike "hakuna tofauti", lakini masanduku yametoa kilo 2.7 zaidi. Niandikeje sura ya nne?

Binti_Sikonge

Habari za jioni wakuu. Niko Tabora, namalizia tasnifu ya umahiri na nimekwama kwenye sura ya nne.

Nililinganisha mavuno ya asali kwenye mizinga ya masanduku na mizinga ya magome, huku kwetu Sikonge, kwa msimu mmoja. Mizinga 24 ya kila aina. Masanduku yametoa wastani wa kilo 9.6 kwa mzinga (mkengeuko sanifu 5.0), magome kilo 6.9 (mkengeuko sanifu 4.8). Nimefanya t-test, p = 0.063.

Msimamizi wangu kasema niandike: "Hakukuwa na tofauti kati ya aina mbili za mizinga (p > 0.05)." Mtahini wa ndani naye karudisha rasimu na kalamu nyekundu pembeni ya sentensi hiyo hiyo: "Ukubwa wa athari uko wapi? CI iko wapi?" Sasa mmoja ananiambia nifunge mjadala, mwingine ananiambia niufungue.

Nina jibu la pili pia, la mafunzo. Wafugaji 206 waliohudhuria mafunzo walipata wastani wa alama 27.1 kati ya 40 kwenye dodoso la maarifa, na 206 wasiohudhuria wakapata 26.2. Hapo p = 0.028, na msimamizi kafurahi, kasema hili ndilo tokeo kuu la utafiti.

Kinachoninyima usingizi ni hiki: kilo 2.7 kwa mzinga mmoja naambiwa si kitu, alama 0.9 kati ya 40 naambiwa ni ugunduzi. Naomba mnisaidie, nirudishe rasimu Ijumaa.

Ng'wana_Igunga

Mwangaluka dada. Nimemaliza umahiri mwaka jana, nikapigwa swali hilo hilo kwenye utetezi, kwa hiyo nakujibu kwa uzoefu.

CI ni rahisi. Tafuta masafa ya uhakika ya asilimia 95 ya kila kundi. Masanduku yanakuja kama 7.5 hadi 11.7, magome 4.9 hadi 8.9. Angalia kama yanapishana. Yakipishana, hakuna tofauti. Ya kwako yanapishana kuanzia 7.5 hadi 8.9, kwa hiyo msimamizi yuko sahihi. Weka hayo masafa mawili kwenye jedwali, mtahini atatulia.

Kwa ukubwa wa athari weka Cohen's d. Ikiwa 0.2 ni ndogo, 0.5 ya kati, 0.8 kubwa. Basi.

Mzee wa Manzuki

Mimi nimefuga nyuki miaka 31, nina mizinga ya aina zote. Binti, kama unauliza ununue ipi, nakushauri usiache magome. Sanduku linataka mbao, fundi na misumari, na usipolipaka nta vizuri nyuki wanalipita tu. Gome unachuna mti, unatundika. Ila uchague mti wa kuchuna, maana ukishachunwa unakufa, na sasa misitu imepungua.

Binti_Sikonge

Shikamoo mzee. Sinunui mizinga, naandika ripoti ya utafiti. Ila maneno yako yana maana kwangu, nitarudi kwako.

@Ng'wana_Igunga asante. Kuna kitu kinanitatiza lakini. Nimefanya hivyo hivyo kwa alama za maarifa: waliohudhuria 26.5 hadi 27.7, wasiohudhuria 25.6 hadi 26.8. Nayo yanapishana, na pale p ni 0.028. Inakuwaje?

TakwimuTaratibu

Binti, umejijibia mwenyewe kwa data yako, na umeona kitu ambacho wengi wanahitimu hawajakiona.

Ng'wana_Igunga ana haki kwa upande mmoja: masafa mawili yasipogusana kabisa, tofauti itakuwa signifikanti. Kinyume chake ndicho si kweli. Masafa ya makundi mawili yanaweza kupishana na tofauti ikawa signifikanti, kama alama zako zinavyoonyesha. Kila moja linaeleza wastani wa kundi lake peke yake. Swali lako halihusu wastani wa masanduku wala wa magome, linahusu *tofauti*. Basi kokotoa masafa ya tofauti yenyewe.

Ukitumia SPSS, tayari unayo. Kwenye jedwali la t-test, nenda mwisho kabisa upande wa kulia, safu mbili chini ya kichwa `95% Confidence Interval of the Difference`. Watu hunakili thamani ya p na kufunga dirisha, wakati jibu lote limekaa sentimita chache kutoka hapo. Kwa R:

```
t.test(mavuno ~ aina, data = mizinga)
```

Nimekokotoa kwa namba ulizotoa. Tofauti ni kilo 2.7, kosa sanifu la tofauti karibu 1.41, na masafa ya asilimia 95 yanaanzia -0.15 hadi 5.55.

Isome polepole. Data yako inakubaliana na hali ambayo sanduku halina faida yoyote, hata limezidiwa gramu 150. Inakubaliana vile vile na hali ambayo sanduku linaongeza kilo 5 na nusu. Ukiandika "hakukuwa na tofauti" umemwambia msomaji kwamba jibu ni sifuri. Data haijasema sifuri. Imesema bado haijui, na imetaja mipaka ya kutojua kwake.

Kwa alama, tofauti ni 0.9 na masafa ni 0.10 hadi 1.70. Hapa data inajua vizuri sana: mafunzo yanaongeza kitu, na hicho kitu, hata tukichukua ncha ya juu kabisa, hakifiki alama 2 kati ya 40.

Kwa hiyo p ya kwanza imekuja juu ya 0.05 kwa kuwa mizinga ni michache na mavuno yanatofautiana sana. Ya pili imeshuka kwa kuwa watu ni 412. Thamani ya p inachanganya ukubwa wa jambo na wingi wa sampuli kwenye chungu kimoja, na ukishapika huwezi kuvitenganisha kwa kuonja. Masafa yanakuonyesha kila kimoja: katikati ndipo makadirio yalipo, na upana ndio unaokwambia umejua kwa kiasi gani.

Mtetezi_wa_Hoja

Nakubali hesabu, nina wasiwasi na jinsi unavyozieleza. Nimekaa kwenye majopo. Mwanafunzi akishaambiwa hivyo, anaandika "tofauti ilikaribia kuwa signifikanti" na kuanza kupendekeza masanduku kwa wilaya nzima. Ile 0.05 ni mbaya, lakini inazuia watu kuona wanachotaka kuona.

TakwimuTaratibu

Sentensi ya "ilikaribia kuwa signifikanti" siitaki hata mimi. Inachukulia kwamba p ilikuwa safarini kuelekea mahali, wakati ukiongeza mizinga inaweza kushuka au kupanda. Andika namba: p = 0.063. Usiandike p > 0.05, maana 0.063 na 0.94 zote ziko juu ya 0.05 na hazisemi kitu kimoja. Na usiandike p = 0.000 kwa sababu SPSS imeonyesha `.000`. Hiyo ni kuzungusha desimali tu, iandike p < 0.001.

Masafa pia yanamzuia huyo mwanafunzi wako, tena kwa nguvu kuliko nyota za signifikanti. Huwezi kupendekeza masanduku kwa wilaya nzima huku umeandika kwa mkono wako kwamba faida inaweza kuwa hasi.

Ng'wana_Igunga

Nimekubali kosa la kupishana, na ukweli ni kwamba niliandika hivyo kwenye tasnifu yangu na imeshafungwa jalada gumu. Nitamwandikia msimamizi wangu.

Ila swali. Kwa hiyo masafa -0.15 hadi 5.55 maana yake kuna uwezekano wa asilimia 95 kwamba tofauti ya kweli iko humo?

TakwimuTaratibu

Hapo jina lenyewe linatupoteza, hasa tukishaliita la "uhakika". Ile 95 ni sifa ya njia ya kukokotoa. Ungerudia utafiti huu mara nyingi na kila mara ukakokotoa masafa kwa njia hii, karibu 95 kati ya kila 100 yangeizunguka tofauti ya kweli. Haya uliyo nayo mkononi ama yameizunguka ama hayajaizunguka. Kusema "uwezekano wa asilimia 95" kunahitaji hesabu za Bayes, ambapo unaanza na imani ya awali kabla ya data.

Kwa kuandika sura ya nne, mimi hupenda kusema: hizi ndizo tofauti ambazo data haizikatai. Inatosha na haidanganyi.

Mtetezi_wa_Hoja

Mkuu, hapo tutabishana hadi asubuhi. "Haizikatai" bado ni mtihani wa p umevaa kanzu: thamani zilizo nje ya masafa ndizo ambazo t-test ingezikataa kwa 0.05. Ukiangalia tu kama sifuri imo au haimo, umerudi ulikotoka.

TakwimuTaratibu

Ni kweli, na ndiyo maana simshauri binti aangalie kama sifuri imo. Nataka aangalie kama imo *kilo anayoijali mfugaji*. Hiyo kilo hesabu yoyote haiwezi kuitoa. @Mzee wa Manzuki, tusaidie mzee: sanduku likiongeza kiasi gani kwa msimu ndipo gharama zake zinarudi?

Mzee wa Manzuki

Sasa mmeuliza la maana. Mimi nilipiga hesabu yangu mwenyewe nilipotundika masanduku ya kwanza. Sanduku nalihesabia miaka kadhaa kabla mchwa na mvua hazijalimaliza. Kwa bei ninayouza mimi na fundi ninayemlipa mimi, lisiponiongezea kilo 2 kila msimu juu ya gome, limenila. Kilo moja ya ziada haisaidii. Kilo 3 nafanya sherehe. Mwenye kupasua mbao mwenyewe atakuwa na hesabu nyingine.

TakwimuTaratibu

Asante sana mzee. Binti, hiyo kilo 2 iweke kwenye mjadala na useme umeipata wapi, na kwamba ni hesabu ya mfugaji mmoja. Ukihoji wafugaji wengine kadhaa itakuwa imara zaidi. Sasa msomaji ana mistari miwili ya kupimia, sifuri na 2, na masafa yako yanaikanyaga yote miwili. Huwezi kusema masanduku hayana faida, huwezi kusema yanalipa.

Kibirizi84

Samahanini kwa kuingilia, niko Kigoma. Na mimi nimeambiwa niweke "ukubwa wa athari", lakini yangu haina wastani. Nilifuatilia magunia ya dagaa yaliyoshushwa daraja na wanunuzi kwa sababu ya mchanga na unyevu. Waliokaushia kwenye chanja: magunia 38 kati ya 120 yalishushwa. Waliokaushia juu ya mchanga: 54 kati ya 120. SPSS imenipa odds ratio 0.57, masafa 0.33 hadi 0.96. Nimeandika kwamba chanja "inapunguza uwezekano wa gunia kushushwa daraja kwa asilimia 43". Na kwa kuwa sifuri haimo kwenye masafa, ni signifikanti. Sawa?

TakwimuTaratibu

Karibu Kigoma. Mambo mawili.

Kwanza, kwa uwiano mstari wa "hakuna tofauti" ni 1, si sifuri. Uwiano hauwezi kushuka chini ya sifuri, kwa hiyo sifuri haitaonekana humo hata data iwe mbaya vipi. Yako yanaishia 0.96, chini kidogo ya 1. Umebahatika, jibu limetoka lile lile kwa sababu isiyo sahihi.

Pili, ile asilimia 43 siyo. Odds ni walioshushwa kugawa kwa wasioshushwa: 38 kwa 82 upande mmoja, 54 kwa 66 upande wa pili. Msomaji wako wa Kibirizi haoni hivyo. Yeye anaona magunia 32 kati ya 100 dhidi ya 45 kati ya 100. Ukigawa asilimia hizo, chanja inapunguza kwa karibu asilimia 30, si 43. Odds ratio hukaribiana na uwiano wa asilimia pale tu jambo lenyewe likiwa nadra, na kushushwa daraja kwenu si nadra hata kidogo.

Ningekuwa wewe ningeandika kwanza tofauti ya wazi: asilimia 45.0 dhidi ya 31.7, tofauti ya pointi 13.3, masafa ya asilimia 95 kutoka 1.1 hadi 25.5. Odds ratio ifuate baada ya hapo kama mtahini anaitaka.

Kibirizi84

Aisee, pointi 1.1 hadi 25.5 ni pana mno. Nilikuwa naandika kwa kifua kikubwa.

TakwimuTaratibu

Ndiyo upana wenyewe wa magunia 240. Na kama magunia mengi yalitoka kwa mama mmoja mmoja, upana wa kweli ni zaidi ya huo, kwa sababu magunia 10 ya mkaushaji mmoja yanafanana. Jambo hilo linanikumbusha kumuuliza binti: mizinga yako 48 ilitundikwa wapi? Kila mmoja na shamba lake?

Binti_Sikonge

Hapana. Nilikuwa na manzuki 8. Katika kila manzuki nilitundika masanduku 3 na magome 3, ili misitu ifanane kwa aina zote mbili.

TakwimuTaratibu

Ah! Hilo ulitakiwa kutuambia mwanzo, na usijilaumu, maana t-test haikuuliza.

Mpango wako ni wa jozi. Ndani ya manzuki moja nyuki wanachuma kwenye miti ile ile na kunywa maji yale yale. Kati ya manzuki na manzuki tofauti ni kubwa. Ulipomwaga mizinga yote 48 kwenye t-test ya makundi huru, tofauti za misitu ziliingia kwenye mkengeuko sanifu wako wa 5.0 na 4.8 kama kelele. Tena ukaiambia SPSS kwamba una mashahidi 48 wasiojuana, wakati wamekaa nyumba 8.

Chukua kila manzuki, tafuta wastani wa masanduku 3 na wa magome 3, toa. Utabaki na namba 8. Zitume hapa.

Binti_Sikonge

Nimezikokotoa kutoka kwenye daftari (masanduku kutoa magome, kilo kwa mzinga): 4.1, 0.6, 3.8, 5.2, -0.9, 2.3, 1.7, 4.8.

TakwimuTaratibu

```
d <- c(4.1, 0.6, 3.8, 5.2, -0.9, 2.3, 1.7, 4.8)
t.test(d)
```

Wastani ule ule, 2.7. Masafa sasa ni 0.90 hadi 4.50. Degrii huru 7, p = 0.009.

Angalieni kilichotokea. Makadirio hayajasogea hata gramu. Kilichobadilika ni upana, kutoka kilo 5.7 hadi kilo 3.6, kwa kuwa tofauti za misitu zimeondolewa mahali zisipohusika.

Mtetezi_wa_Hoja

Na hapa ndipo ninaposimama. Tulianza na 0.063, tumehangaika uzi mzima, tumemaliza na 0.009. Jopo likiuliza "ulibadilisha uchambuzi baada ya kuona p?", jibu la kweli ni ndiyo. Kesho mwingine atajaribu njia tano na kuleta inayompendeza, akisema nayo inafuata mpango.

TakwimuTaratibu

Hoja yako ni nzito na siwezi kuifuta. Binti, kwenye pendekezo lako la utafiti, sura ya tatu, uliandika nini?

Binti_Sikonge

Nimeangalia. Mizinga 3 ya kila aina katika kila manzuki, imeandikwa, na sababu yake imeandikwa. Lakini kwenye uchambuzi nimeandika tu "t-test itatumika". Sikusema ya aina gani.

TakwimuTaratibu

Basi jozi zilikuwepo kabla ya asali ya kwanza kukamuliwa, na hilo linathibitishika kwa tarehe ya pendekezo. Uchambuzi wa makundi huru ndio uliokosea tangu mwanzo. Ungekosea hata kama p yake ingetoka 0.001. Ila usiufiche. Andika wazi kwamba rasimu ya kwanza ilichambua mizinga kama makundi huru, toa matokeo yake, kisha eleza kwa nini unategemea ya jozi. Jopo lione yote mawili na liamue.

Hata sasa msisherehekee mapema. Masafa 0.90 hadi 4.50 hayana sifuri, lakini ile kilo 2 ya mzee bado imo katikati. Tumejua kwamba masanduku yalitoa zaidi msimu ule katika manzuki zile. Kama yanalipa, bado hatujui.

Mtetezi_wa_Hoja

Ukiweka yote mawili kwenye jedwali moja nitakupitisha, binti. Ila bado ningetaka data ya msimu wa pili kabla ya kuiamini 0.009. Manzuki 8 ni chache.

Ng'wana_Igunga

Na Cohen's d je? Kwa makundi huru nimepata 0.55, ya kati. Nimejaribu ya jozi kwenye SPSS, imetoka 1.26! Hiyo ni kubwa kupindukia. Aweke ipi?

TakwimuTaratibu

Umegusa pabaya, na umepagusa vizuri. Tofauti ni ile ile kilo 2.7. Ya kwanza umeigawa kwa mkengeuko wa mizinga, 4.9. Ya pili SPSS imeigawa kwa mkengeuko wa zile tofauti 8, yaani 2.15. Asali haijaongezeka, kigawanyo kimepungua. Mtu akisoma "d = 1.26, athari kubwa sana" atadhani sanduku linafanya miujiza.

Ndiyo maana kipimo kikiwa na maana chenyewe, kama kilo, natanguliza kilo. Kila mtu Sikonge anajua kilo 2.7 za asali ni ndoo kiasi gani. d inafaa pale kipimo hakina maana nje ya dodoso, kama zile alama 40, au mtu anapotaka kujumlisha tafiti zenye vipimo tofauti. Ukiiweka, sema umegawa kwa nini. Na zile 0.2, 0.5 na 0.8, Cohen mwenyewe alizitoa kwa tahadhari, za kutumia pale usipokuwa na kitu bora cha kulinganishia. Hapa tunacho, ni daftari la mzee.

Binti_Sikonge

Nimeandika upya. Naomba mnikosoe:

*"Katika manzuki 8, mizinga ya masanduku ilitoa wastani wa kilo 9.6 za asali kwa mzinga na mizinga ya magome kilo 6.9. Wastani wa tofauti ndani ya manzuki ulikuwa kilo 2.7 (masafa ya uhakika ya asilimia 95: 0.90 hadi 4.50; t(7) = 3.55, p = 0.009). Mizinga ilipochambuliwa kama makundi huru, kama ilivyokuwa kwenye rasimu ya kwanza, tofauti ilikuwa ile ile na masafa yalikuwa -0.15 hadi 5.55 (p = 0.063). Waliohudhuria mafunzo walipata alama 0.9 zaidi kati ya 40 kuliko wasiohudhuria (masafa 0.10 hadi 1.70; p = 0.028)."*

Neno "signifikanti" sikulitumia popote. Kilo 2 za mzee nimezipeleka sura ya tano.

Ng'wana_Igunga

Safi sana. Ila msimamizi wako atauliza nyota ziko wapi.

Binti_Sikonge

Nitamwonyesha ile alama 1.70 na kumuuliza ni swali gani moja la dodoso linalofika hapo. Maswali yangu yalikuwa 20, kila moja alama 2. Mafunzo yote yale hayafikii hata jibu moja sahihi la ziada, na yeye ndiye alikuwa anasema ni tokeo kuu.

Mzee wa Manzuki

Binti, namba zako nimezifuata kadiri nilivyoweza. Ile manzuki ya -0.9 kulikuwa na mizinga mitupu? Manzuki ikikosa maji karibu, nyuki hawaingii, na hapo sanduku na gome yote ni miti tu.

Binti_Sikonge

Ndiyo mzee. Mizinga 8 haikuingia nyuki kabisa, masanduku 3 na magome 5. Sita kati yake iko kwenye manzuki mbili, ile ya -0.9 na ile ya 0.6. Yote nimeihesabu kama kilo sifuri.

TakwimuTaratibu

Hapo kuna maswali mawili tofauti, na kila moja lina masafa yake. Kilo kwa kila mzinga *uliotundikwa*, sifuri zikiwemo, ndilo swali la mwenye kununua, maana hela inatoka hata nyuki wasipoingia. Kilo kwa kila mzinga *wenye nyuki* ni swali la mwenye kutaka kujua sanduku lenyewe linafanya nini. Ulichoandika ni la kwanza, liseme hivyo hivyo kwenye sentensi: "kwa kila mzinga uliotundikwa, pamoja na mitupu 8". La pili ukilikokotoa, baadhi ya manzuki zitabaki na mzinga mmoja mmoja na masafa yatapanuka sana. Liandike hata hivyo.

Mtetezi_wa_Hoja

La pili mimi nisingeliandika kabisa. Ukiondoa mizinga mitupu, unaondoa kitu ambacho huenda aina ya mzinga ndiyo imekisababisha. Mitatu kwa mitano.

TakwimuTaratibu

Au liende kwenye kiambatisho na onyo hilo hilo. Hapa hatutakubaliana, mwachie binti na mtahini wake.

Binti_Sikonge

Nimeongeza maneno ya mizinga iliyotundikwa kwenye sentensi ya kwanza. Hesabu ya wenye nyuki naifanya usiku huu. Mzee, Jumamosi naomba nije Sikonge unionyeshe daftari lako la gharama, na kama kuna wafugaji wengine wanaoandika, nikutane nao.

Mzee wa Manzuki

Karibu. Wako wanne. Njoo mapema kabla hatujaingia porini.